Anyonye Mtoto, Asiumwe Baba

Binti yangu alikuwa anaweza kuniambia, "Mama, sogea huku, jua linanipiga machoni," halafu akarudi kunyonya. Alikuwa na meno yote. Alikuwa anajua kuimba, kutukana kidogo, na kusukuma kiti mpaka mlangoni ili afikie komeo. Akimaliza ugali na maharage anafuta mdomo, anakuja kwangu, anafungua vifungo vya blauzi mwenyewe kama mtu anayefungua duka lake asubuhi, ananyonya.

Aliyetaka anyonye hakuwa yeye. Yeye angeacha zamani. Aliyetaka ni baba yake.

Mume wangu ni fundi cherehani. Tulikuwa tumepanga Mlandege, Iringa, nyumba ya uani yenye bomba moja na wapangaji wengi, na fremu yake ya kushonea ilikuwa barabarani hatua chache kutoka pale. Alishona sare za shule, mashati ya kwaya, magauni ya kipaimara. Mtu mpole, mikono mirefu, sauti ya chini. Mimi ni Mnyakyusa wa Mbeya, nimesoma mpaka kidato cha nne, na sauti yangu haijawahi kuwa ya chini. Ukweni walilijua hilo tangu siku ya kwanza.

Kwao kuna imani ambayo hata kwetu ipo, ila kwao imekaa kama sheria. Mama akiwa ananyonyesha, baba asimguse, na asiguse mwingine. Wakivunja, mtoto anabemendwa: miguu inakonda, tumbo linatoka, hatembei, na mtaa mzima unajua wazazi wake walifanya nini. Manesi wa kliniki wanasema si kweli, mtoto anakonda kwa kukosa chakula au kwa kuumwa. Wanasema, na kina mama wanaitikia ndiyo nesi, na wakifika nyumbani mkwe anahamia chumbani mwao.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza mume wangu alipolala ameangalia ukuta, sikushangaa. Nikasema huyu anamwogopa mama yake. Mwaka wa pili nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mwaka wa tatu ulipoanza, mtoto akiwa anakimbiza kuku wa mwenye nyumba mpaka kuku wanahema, nikasema, "Baba, huyu mtoto hata ukimbemenda leo atabemendeka wapi? Mwangalie miguu hiyo."

Akaniambia, "Bado ananyonya, mama. Tusimchezee mtoto."

"Nitamwachisha kesho."

Akakaa kitandani, akainuka haraka kana kwamba kitanda kina sindano. "Usimwachishe. Maziwa ya mama yana kinga."

Huyo ndiye alikuwa ananiambia habari za kinga, na mimi ndiye nilikuwa na chuchu zenye alama za meno.

Kilichonitia hasira zaidi ni sifa. Mume wangu alianza kusifiwa. Mama yake, anayekaa Ipogolo na anayepanda kuja kwetu kila wiki na mfuko wa mboga, alisimulia watu mpaka usharika mzima ukajua kwamba mwanawe ni mwanaume wa zamani, anayejua kujizuia. Mkwe wangu alikuwa na namna ya kulisema neno hilo huku akiniangalia mimi, kana kwamba asiyejua kujizuia alikuwa amekaa palepale kwenye kigoda anachambua mchicha.

Na kila alichofanya kiliongeza sifa. Aliacha ulanzi, ile pombe ya mianzi. Alikuwa anapenda ulanzi, msimu ukifika alikuwa anatoka na wenzake Jumamosi kama kila mwanaume wa kule. Akaacha kabisa, wakasema ameokoka. Aliacha pilipili, wakasema amefunga. Kanisani akawa hakai, anasimama nyuma karibu na mlango ibada nzima, wakasema ona heshima hiyo. Wiki fulani alikuwa hali kitu, anatapika, mama yake akapita uani anawaambia majirani, "Mwanangu yuko kwenye maombi." Jioni alikuwa anajifungia kwenye bafu la nje na beseni la maji ya moto, anakaa humo mpaka wapangaji wanagonga, wakasema huyu mwanaume ni msafi kuliko mwanamke wake.

Beseni lilikuwa la mtoto. La bluu, lenye picha ya samaki. Mtoto alikuwa anasimama nje ya mlango wa bafu analia, "Beseni langu." Mimi nilikuwa nasimama nyuma yake nafikiria mwanamke ni nani.

Maana nilijua yupo mwanamke. Mwanaume wa miaka thelathini na kitu, hagusi nyumbani, anaoga sana, hakai akatulia. Nikaenda fremuni kwake mchana bila kuaga, nimembeba mtoto mgongoni, nimejiandaa kumkuta naye. Nikamkuta peke yake. Anashona amesimama. Mguu mmoja chini, mwingine juu ya pedeli, mgongo umekunjika kama alama ya kuuliza, na kwenye kiti chake kuna sweta limeviringishwa likatengeneza pete, kama ile kata tunayoweka kichwani kubebea ndoo.

"Hiki nini?" nikauliza.

"Kiti kigumu."

"Kiti hiki unakikalia tangu hujanioa."

"Ndiyo maana," akasema, akaendelea kushona. Nikarudi nyumbani na hasira ileile, ila sasa haina mtu wa kumwangukia.

Halafu akaja mama mmoja kiongozi wa wanandoa usharikani. Alikuja na tabasamu na khanga mpya. Alisema wanaandaa semina ya wanandoa, na wameona mume wangu atoe ushuhuda. Kichwa cha somo: Baba Anayejizuia kwa Ajili ya Mtoto. Mimi nitakaa naye mbele na mtoto.

"Akiwa ananyonya?" nikauliza.

Hakuelewa kwamba nilikuwa nakejeli. Akafikiri. "Kama atataka kunyonya, siyo vibaya. Watu waone."

Alipotoka nikaenda sokoni nikanunua shubiri.

Shubiri ni chungu kuliko kitu chochote ninachokijua. Unachovya kidole kwenye maji yake meusi, unapaka chuchu, mtoto akigusa mara moja anakuangalia kana kwamba umemuuza. Ndivyo tulivyoachishwa sisi, ndivyo mama zetu walivyoachishwa. Nikapaka asubuhi. Mtoto akaja, akafungua duka lake, akaonja, akatema. Akaniangalia. "Mama, nyonyo imeoza."

"Ndiyo, imeoza. Kachukue mkate."

Akaenda akachukua mkate. Mambo yakaisha hapo, bila hata kilio, ingawa niliendelea kupaka kila asubuhi kwa tahadhari. Nilikaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu. Miaka yote hiyo ilikuwa inasubiri kitu cha kuchovya kidole.

Mkwe wangu akafika mchana, akapata habari kwa mtoto mwenyewe. Akaweka mfuko wa mboga chini.

"Una haraka gani, binti?" akaniuliza.

"Mama, mtoto ana miaka miwili na nusu."

"Mwenzako anaweza. Wewe unashindwa nini? Kwenu huko Mbeya mnafundishwaje?"

"Tunafundishwa kuolewa na wanaume, mama."

Akaniambia siku nikirudi kwetu nitayasema maneno hayo kwa mama yangu. Akasema na mwanawe atakaa naye wazungumze, maana ndoa haiendeshwi na mwili. Nilielewa. Kikao kilikuwa njiani, na nitakayejadiliwa ni mimi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada na chakula, nilijilaza. Mtoto alikuwa nje na kuku. Nikapitiwa na usingizi. Nikaamshwa na kitu cha uvuguvugu kifuani. Nikafungua jicho kidogo. Mume wangu amepiga magoti pembeni ya kitanda, blauzi yangu iko wazi, na anapitisha mkono taratibu, taratibu, kama mtu anayegusa kitambaa cha bei. Sijui kama naweza kueleza nilichosikia. Baada ya muda wote ule. Nikafumba jicho nisimtishe. Nikasema moyoni, haya, Mungu yupo, amerudi mwenyewe.

Halafu nikasikia maji yanakamuliwa kwenye kibeseni.

Nikafungua macho yote mawili. Alikuwa na kitambaa. Kitambaa chenyewe kimekuwa cheusi. Alikuwa ananisafisha shubiri.

"Unafanya nini," nikasema. Sikuuliza.

Akaganda, kitambaa kinadondosha matone kwenye shuka. Na nje mlangoni, mtoto anasema, "Baba, imeshakuwa nzuri? Nije?"

Nilikaa. Nilifunga vifungo. Nilimwambia mtoto akacheze. Nikafunga mlango kwa komeo, nikasimama mbele yake, nikamwambia hivi: nitakwenda kwa mama yako sasa hivi, nitakwenda kwa mchungaji, nitasimama kwenye semina mbele ya watu wote na nitasema nimemkuta mume wangu ananiosha matiti ili mtoto wa kukimbiza kuku aendelee kunyonya. Au uniambie ni nani.

"Hakuna mtu."

"Nani?"

"Inauma," akasema.

"Nini kinauma?"

Akaonyesha. Si kwa kidole, kwa macho. Alikuwa bado amepiga magoti.

Akaanza kusema na hakuweza kunyamaza tena. Ilianza mimba ya mtoto ikiwa kubwa. Maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa, kama amekalia jiwe. Yanapanda kiunoni, yanashuka mpaka ncha. Kukaa kwenye cherehani ikawa adhabu. Mkojo unaita kila saa na ukifika unatoka kwa kusitasita. Na lililo baya kuliko yote, lile tendo. Kufika kileleni ilikuwa kama kukojoa makaa, na makaa hayo yanabaki humo siku nzima, mara nyingine mbili. Alikwenda duka la dawa, wakamwambia ni gono, wakampa dozi ya watu wawili, yake na ya mkewe.

"Ya kwangu uliweka wapi?"

"Ningekupa ungeuliza. Nikameza zote."

Hiyo ndiyo wiki ya maombi. Alikuwa anatapika antibayotiki za watu wawili, na mama yake anamtangaza uani.

Hakupona. Akaenda duka lingine, dawa nyingine. Halafu mwili ukaanza kukataa kusimama, hata alipotaka. Akanunua mizizi ya nguvu za kiume kwa wale wanaopanga chupa kwenye turubai. "Ilifanya kazi," akasema. "Na maumivu nayo yakafanya kazi. Nilijaribu peke yangu nione. Nilikaa kwenye beseni la mtoto mpaka maji yakapoa." Kisha akaona video kwenye simu, mtu anafundisha wanaume kubana misuli ya chini, bana achia, bana achia, mara nyingi kadiri unavyoweza. Akawa anabana siku nzima juu ya cherehani. Ikawa mbaya maradufu.

"Nikajua nimeoza," akasema. "Nikajua ni tezi dume, nitakatwa. Mama alipoanza kunisifia kwa kujizuia, nikaona hapo nimepata pa kusimama. Mtoto akinyonya, hakuna anayeuliza."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, nilitazama kitu cha kumpigia. Miaka yote nilikuwa najitazama kwenye kioo natafuta nimeharibika wapi. Nikachukua kitambaa mkononi mwake nikakitupa ukutani, kikaacha alama nyeusi ambayo tulikuja kuipaka rangi tulipohama. Hilo ndilo pigo pekee nililompiga.

"Tunakwenda hospitali," nikasema.

"Siyo hapa."

Hapo nilimwelewa. Hapa alikuwa Baba Anayejizuia. Kila hospitali ya Iringa ilikuwa na mtu aliyemshonea nguo. Tukaaga kwamba dada yangu wa Mbeya anaumwa, tukamwacha mtoto kwa mkwe, tukapanda basi.

Safari ya Mbeya kwa mtu asiyeweza kukaa ni kichekesho. Mafinga alikuwa amesimama. Makambako amesimama. Siti yake alimpa mama mwenye mapacha; mama aliposhuka akampa mzee, mzee aliposhuka akampa mwanafunzi. Kondakta akamtangaza basi zima: "Mnamwona huyu? Vijana wa siku hizi mjifunze." Watu wakapiga makofi. Mume wangu akashika bomba la juu akaniangalia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu tulicheka pamoja, yeye akicheka kwa uangalifu maana hata kucheka kulikuwa kunavuta.

Dada yangu, anayeuza mchele sokoni na haumwi chochote, alitupikia ndizi na nyama na pilipili. Mume wangu akasogeza pilipili pembeni.

"Shemeji, umeokoka?" dada akauliza.

"Anaumwa," nikasema.

"Wapi?"

"Kule."

"Kule wapi, mbona kuna kule nyingi."

Nikamwonyesha kwa kijiko. Dada akatafuna kidogo. "Ndiyo maana mwanangu ana binamu mmoja tu," akasema, akamwongezea ndizi.

Daktari alikuwa mtu mzima, mwenye miwani na vidole vifupi. Aliuliza maswali mengi, na mume wangu akajibu akiangalia kalenda ya ukutani. Damu na mkojo vilipimwa, na majibu yalipotoka tukarudi. Mkojo hauna wadudu. Magonjwa ya zinaa hakuna. Sukari hakuna. Kisha akavaa glovu akamwambia apande kitandani, alale upande, magoti kifuani. Mimi nikabaki upande wa pili wa pazia nikisikiliza.

"Achia, baba. Vuta pumzi. Hii hapa ndiyo tezi. Inauma?"

"Kidogo."

"Na hapa pembeni?"

Ikatoka sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. "Hapo. Daktari, hapo ndipo. Hapohapo miaka yote."

"Hapo siyo tezi, baba. Hapo ni msuli. Umekaza kama kamba ya kuanikia nguo."

Alipomaliza alitukalisha wote wawili, mume wangu amekaa nusu kalio. Akasema tezi dume ni kiungo, siyo ugonjwa. Kila mwanaume anayo, chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Wazee inawakulia, hiyo ni habari yao. Vijana inaweza kuwaka. Ikiwaka kwa wadudu, mkojo unaonyesha na antibayotiki zinasaidia. Ya mume wangu ilikuwa ile aina ambayo wadudu hawaonekani na maumivu hayaondoki miezi na miezi: tezi yenyewe ina uchungu, na misuli na mishipa ya fahamu ya nyonga nzima imejifunza kuumwa na haijui kuacha. Wengine huanza na maambukizi, wengine kukaa sana, wengine msongo, na mara nyingi hakuna anayejua.

"Mwanaume anapofika kileleni," akasema, "tezi hiyo na misuli hiyo ndivyo vinavyojikamua. Kitu kinachouma kikijikamua, kinauma zaidi."

"Na kutosimama?" nikauliza mimi, maana mwenzangu asingeuliza.

"Mwili ukishajua mbele kuna moto, unagoma kwenda. Maumivu yanachangia, hofu inachangia. Siyo kwamba ameisha. Maumivu yakipungua, mara nyingi na hilo linarudi, na lisiporudi tutaongea dawa yake. Siyo mizizi."

"Ataniambukiza?"

"Hapana. Hakuna cha kukuambukiza."

"Anapaswa kujizuia?"

"Kwa nini ajizuie? Siku ikiuma sana apumzike. Lakini kukaa miezi bila kitu si tiba."

Mume wangu akakohoa. "Na mtoto anayenyonya?"

"Ana umri gani?"

Tukamwambia.

Daktari akavua miwani. Akamwangalia mume wangu, akaniangalia mimi, akaangalia kifua changu kwa huruma ya kitaaluma. "Huyo hadhuriki na kitu," akasema. "Mwenye vidonda ni wewe, mama?"

Alitoa dawa ya kulegeza njia ya mkojo, akamwonya asiinuke ghafla maana kichwa kitazunguka, na asishtuke akiona manii yamepungua au hayatoki, ni dawa. Akampa ya maumivu ya muda mfupi. Maji ya uvuguvugu alisema aendelee, beseni lilikuwa sahihi. Ulanzi na pilipili, ajipime mwenyewe, kama vinamchokoza aviache. Asikae muda mrefu bila kuinuka. Akasema hiki si kitu cha kupona wiki ijayo, kitapanda na kushuka, ila kinapungua. Kisha akatupeleka kwa mama wa fiziotherapi.

Mama huyo alikuwa mfupi, mnene, hana aibu hata ya dawa. "Nasikia ulikuwa unabana," alimwambia.

"Video ilisema."

"Video haijakushika. Wewe umebana mpaka msuli umesahau kufunguka. Hapa tunaachia tu. Lala chali."

Alimfundisha kupumua mpaka tumboni, na pumzi ikishuka aache kila kitu cha chini kilegee, kama mtu anayetaka kukojoa. Halafu akamwambia akunje magoti, ashike nyayo zake kwa mikono, apanue. Mume wangu, Baba Anayejizuia, mshonaji wa magauni ya kipaimara, akalala chali kwenye mkeka kama mtoto anayebadilishwa nepi, ameshika miguu yake hewani.

"Na wewe mama jifunze, umsimamie," akaniambia. "Sura isikunjane. Akikunja sura anabana na chini."

Tuliporudi Iringa alijishonea mto wa sponji wenye tundu katikati, akauvalisha kitenge. Akaweka utaratibu: anashona kidogo, anainuka, anatembea mpaka bombani, anarudi. Jioni mazoezi kwenye mkeka. Mtoto aliona, akalala pembeni yake akashika miguu yake naye, na yeye alikuwa anaweza kuliko baba. "Baba, usikunje sura," alikuwa anamwambia. Beseni walifanya zamu.

Mkwe wangu alitukuta hivyo. Alifungua mlango bila kubisha, kama kawaida yake, akamkuta mwanawe miguu juu, mjukuu miguu juu, na mimi nimesimama juu yao nasema, "Legeza. Legeza hapo chini." Mfuko wa mboga ukaanguka.

"Kamwene," mume wangu akamsalimia kutoka sakafuni, miguu bado mkononi.

"Umemfanya nini mwanangu?" akaniuliza mimi.

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa refu. Lakini mume wangu akaachia miguu, akakaa polepole kama alivyoambiwa, akamwambia mama yake mwenyewe. Alimwambia yote, hata mahali. Mwanaume wa Kihehe kumtajia mama yake mahali pale si jambo dogo. Mama yake alikuwa anaangalia dirisha. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo hukuwa unajizuia?"

"Hapana, mama. Nilikuwa naogopa."

"Na mtoto angeachishwa siku nyingi."

"Ndiyo."

Mkwe akageuka akaniangalia. Kwanza usoni, halafu kifuani. Akaokota majani ya maboga yaliyotawanyika, moja moja. "Pole," akasema. Ni neno moja, na nililitaka liwe mengi zaidi, lakini ndilo lililokuwepo. Kikao hakikuitishwa.

Ikabaki semina. Nilimwambia asiende. Akasema kitambaa cha jukwaani ameshona yeye, hawezi kukosa. Tukaenda. Aliweka mto wake wa kitenge kwenye benchi, akakaa. Mama kiongozi akamkaribisha kwa maneno marefu: mfano wa kuigwa, baba wa kizazi hiki. Mbele yetu walikaa wanandoa wamejaa, na wake wengi waliniangalia kwa wivu, na wengine kwa chuki. Baadaye nilielewa kwa nini.

Mume wangu akasimama. Si ghafla. "Nimeombwa niseme jinsi nilivyojizuia," akasema kwa ile sauti yake ya chini, watu wakainamia mbele. "Sikujizuia. Nilikuwa naumwa. Nilikuwa na maumivu ya nyonga na tezi, mkojo unasitasita, na tendo lilikuwa linaniuma, nikamsingizia mtoto. Mke wangu ndiye alijizuia."

Mwinjilisti wa usharika akajaribu kuliokoa jambo. "Yaani, ndugu yetu anamaanisha majaribu ya mwili."

"Hapana, namaanisha tezi," mume wangu akasema.

Nyuma mwanamke mmoja akasimama. Alimgeukia mumewe, hakutugeukia sisi. "Umesikia? Wewe ulinihamishia sebuleni na mtoto kwa sababu ya huyu. Mwaka mzima nalala kwenye kochi kwa mfano wa huyu. Kumbe mwenzako anaumwa. Wewe unaumwa nini?"

Ukumbi ukaharibika. Wanawake walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Mzee mmoja kwenye benchi la mbele akamwinamia mume wangu, akadhani ananong'ona, "Huo mkojo wa kusitasita, mnyalukolo, ndugu yangu, ulikuwa unasitasita namna gani?" Mume wangu akamwambia mzee, wewe kapime, yako inaweza kuwa nyingine. Mama kiongozi akatangaza chai. Ilikuwa mapema sana kwa chai, maji hayajachemka, lakini tuliitwa wote.

Wiki ile watu kadhaa walikuja fremuni kuagiza mito yenye tundu. Kila mmoja alisema ni ya mjomba.

Sisemi amepona. Zipo siku jiwe linarudi, namjua kwa jinsi anavyoshika kizingiti cha mlango. Mara ya kwanza tuliporudiana alisimama katikati ya jambo akaanza kupumua kwa tumbo kama alivyofundishwa, mimi nikasema legeza sura, na tukashindwa kuendelea kwa kicheko. Mara nyingine tuliweza. Baadaye alilala akisubiri makaa. Yalikuja, akasema, ila madogo, kama ya jiko linalozimika. Alisubiri yakue. Akasinzia akiyasubiri.

Mtoto, baada ya shubiri kuoshwa Jumapili ile, alikuwa amerudi kujaribu bahati. Jioni moja tulikuwa uani, baba yake amekaa kwenye mto wake anashona pindo kwa mkono. Mtoto akaja kwangu, akashika kifungo cha kwanza.

Nilimwangalia baba yake.

Akang'ata uzi, akaukata. "Mama," akamwambia binti yake, "duka limefungwa. Njoo hapa nikupe kipande cha kitambaa."

Mtoto akafikiria. "Cha samaki?"

"Cha samaki hakipo. Cha maua."

Akaachia kifungo, akaenda.